Ajali moja, kesi moja: kwa nini mahakama haisikilizi jambo lile lile mara mbili

Maneno yaliyosemwa katika kikao cha familia, Ohio

Mbele kuna viti, msisimame huko mlangoni.

Leo nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nimeomba ruhusa kwa mwenye jambo kabla ya kulileta hapa, naye amenikubalia, ila amesema nisitaje jina lake. Kwa hiyo tumwite Baba Furaha.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii, Baba Furaha aligongwa na gari kwenye makutano ya barabara akitoka kazini zamu ya usiku. Aliyemgonga alipita kwenye taa nyekundu, polisi wakaandika hivyo. Mwenye kosa hakuwa na bima. Gari la Baba Furaha liliharibika upande wote wa kushoto, na fundi akasema matengenezo ni dola 2,400. Mgongo nao ulikuwa unauma, lakini mnatujua sisi, mgongo tunaupaka dawa ya kuchua tunaenda kazini. Alichokitaka haraka ni gari, maana bila gari hakuna kazi.

Tukaenda mahakama ya manispaa, kitengo cha madai madogo. Kitengo hicho hapa Ohio kinasikiliza madai ya fedha yasiyozidi dola 6,000, na mtu anaweza kwenda bila wakili. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Tulipofika kwenye mstari wa kueleza unadai nini, Baba Furaha akaniuliza, "Mwanangu, tuandike na mgongo?" Nikamjibu, "Hapana baba, mgongo tutaudai baadaye ukishapata karatasi za daktari. Leo tumalize gari."

Akashinda. Hakimu aliandika hukumu ya dola 2,400 pamoja na ada ya kufungua kesi. Tulifurahi mno. Miezi minne baadaye daktari akaona kwenye picha kwamba diski moja ya uti wa mgongo imetoka mahali pake. Wiki sita bila kazi, mazoezi ya viungo, na bili zinazozidi mara nyingi ile hesabu ya gari. Tukampelekea wakili karatasi zote. Wakili alisoma ile hukumu ya dola 2,400, akaniangalia mimi, akasema, "Nani aliwaambia mfungue kesi ya gari peke yake?"

Kesi ya mgongo ilikuwa imekufa. Haikufa kwa kukosa ushahidi wala kwa kupitwa na muda. Ilikufa kwa sababu tulishinda ile ya gari.

Kanuni iliyotufunga mlango inaitwa kwa Kilatini resi judikata, yaani jambo lililokwisha kuamuliwa. Wale waliosoma sheria Kinshasa au Dar es Salaam watakuwa wameisikia, kwa sababu ipo karibu kila nchi. Tanzania ipo katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Kenya katika kifungu cha 7 cha sheria yao kama hiyo. Inasema kwamba watu wawili wakishapelekana mahakamani juu ya jambo fulani, na mahakama yenye uwezo ikatoa uamuzi wa mwisho, jambo hilo halirudi tena kati ya watu hao hao.

Kwa kuisikia hivyo, inaonekana rahisi. Kambini nilikokulia ilikuwa tabu yetu kubwa kwamba hakuna kesi iliyokwisha. Mtu akishindwa mbele ya wazee wa mtaa anakwenda sungusungu, akishindwa huko anakwenda kwa mchungaji, na kuku mmoja aliyeibwa anazungumzwa tangu masika hadi masika. Kwa hiyo hata mimi naisifu kanuni hii. Tatizo ni neno "jambo". Sisi tunafikiri gari ni jambo moja na mgongo ni jambo lingine. Mahakama hapa haihesabu hivyo. Inahesabu tukio. Gari moja lilipita taa nyekundu moja usiku mmoja, basi yote yaliyotokana na dakika ile ni jambo moja, na yote yanatakiwa yaingie katika kesi moja. Kanuni inafunga yale uliyoyasema mahakamani, na inafunga pia yale ambayo ungeweza kuyasema ukanyamaza.

Hapa Ohio jambo hili liliamuliwa waziwazi mwaka 1958, katika kesi iliyotoka mji wa Maple Heights, karibu na Cleveland. Mwanamke mmoja alikuwa amepakiwa na mumewe kwenye pikipiki, barabara ikawa na shimo, akaanguka akaumia. Alilishtaki jiji kwa kutokutengeneza barabara. Kwanza alidai gharama ya pikipiki peke yake, akapewa dola 100. Kisha akafungua kesi ya pili, ya maumivu ya mwili, na juri, yaani wale wananchi wanaokaa kuamua kesi, wakampa dola 12,000. Kwa fedha za wakati ule ilikuwa karibu bei ya nyumba. Jiji likakata rufaa mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na mahakama ikasema: ajali ni moja, kosa ni moja, kesi ni moja. Dola 12,000 zikafutwa. Alibaki na dola 100 zake za pikipiki.

Niliposoma kesi ile, nililia. Ilikuwa ni Baba Furaha mtupu, miaka mingi kabla sijazaliwa.

Sasa mtauliza, tungefanya nini? Tungesubiri. Sheria ya Ohio inampa mtu aliyeumia miaka miwili tangu siku ya ajali kufungua kesi yake, na gari nalo lina miaka hiyo hiyo miwili. Hakukuwa na haja ya kukimbia mwezi wa pili. Tungemaliza matibabu, au angalau tungejua ukubwa wake, ndipo tukafungua kesi moja yenye kila kitu ndani: gari, bili za hospitali, mishahara iliyopotea, maumivu. Na kwa kuwa hesabu ingevuka dola 6,000, isingekwenda kwenye madai madogo, ingekwenda kwenye mahakama ya kawaida, na hapo wakili wa majeraha angeichukua bila kulipwa mbele, akachukua fungu lake mwishoni.

Wengi hapa mtakutana na hali nyingine, ambapo aliyekugonga ana bima. Hapo kampuni ya bima inaweza kukulipa gari bila mahakama, na kulipwa gari kwa njia hiyo hakuui mgongo, kwa sababu hakuna hukumu. Lakini soma unachotia saini. Zipo karatasi zinazosema umepokea fedha za gari tu, na zipo zinazosema umesamehe madai yote yanayotokana na ajali, yanayojulikana na yasiyojulikana. Hiyo ya pili inafunga mlango kama hukumu, na imeufunga kwa mkono wako. Ukiona neno "yote" mwambie mtu wa bima kwamba utasoma nyumbani na mkalimani. Hana haki ya kukulazimisha palepale.

Je, hukumu ikishatoka haiwezi kuguswa kabisa? Inaweza, lakini katika kesi ile ile, si kwa kufungua nyingine. Unaweza kukata rufaa ndani ya siku 30. Unaweza pia kumwomba jaji aliyeitoa aiondoe kwa sababu maalumu, kwa mfano hukupata barua ya kuitwa, au mwenzako alidanganya mahakama. Kwa sababu za namna ya udanganyifu au kosa la kibinadamu, ombi hilo halipokelewi ukishapita mwaka mmoja, na hata ndani ya mwaka unatakiwa usiwe umekaa bure. Baba Furaha hakuwa na njia hizo. Alikuwa mshindi, na mshindi atakata rufaa ya nini? Na kutojua sheria, hata kama aliyekupotosha ni mfanyakazi mwenye tai shingoni kama mimi, si sababu ambayo jaji anaikubali kirahisi.

Nimesema sana upande unaouma. Kanuni hiyo hiyo ni ngao pia, na hapa mama zangu naomba msikilize, kwa sababu jambo hili linaingia nyumbani kwenu kwa njia ya posta.

Kuna familia ilihama nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akawashtaki kwenye madai madogo, akidai dola 1,800 za zulia na milango. Wao walikuwa wamepiga picha siku ya kuingia na siku ya kutoka, chumba kwa chumba, hata nyuma ya jiko. Hakimu akaangalia picha, akamwambia mwenye nyumba hujathibitisha, madai yamekataliwa. Ikaisha. Baada ya mwaka na nusu ikaja barua kutoka kampuni ya kukusanya madeni: mnadaiwa dola 1,800 pamoja na riba, na kesi imefunguliwa. Mwenye nyumba alikuwa ameiuzia kampuni hiyo lile deni.

Mama wa nyumba aliniletea barua ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia. Akasema, "Hii si ile kesi tuliyoshinda? Basi sijali." Nikamwambia, mama, ni ile ile, na ndiyo maana lazima ujali.

Kampuni iliyonunua deni inasimama mahali pa aliyeliuza. Kama yeye alifungwa na hukumu, nao wamefungwa. Lakini mahakama haina mtu anayekaa anafananisha kesi mpya na za zamani. Jaji mpya haijui hukumu ya kwanza. Aliyeshtakiwa ndiye anayetakiwa kuinua mkono na kusema: jambo hili limekwisha kuamuliwa, na hii hapa karatasi. Katika mahakama ya kawaida ya Ohio, nje ya madai madogo, una siku 28 tangu kupokea karatasi za kesi ili kupeleka jibu la maandishi, na hoja hii inatakiwa iwemo katika jibu. Ukikaa kimya kwa sababu unajua ulishinda, unashindwa kwa kutokujibu, na hukumu hiyo ya pili ndiyo watakayoipeleka kwa mwajiri wako ili wakate mshahara. Ulikuwa na ngao, umeiacha ndani ya Biblia.

Yule mama alikuwa na karatasi ya hukumu ya kwanza. Tulimpeleka kwa mawakili wa msaada wa kisheria, jibu likapelekwa siku ya 20, hukumu ya zamani ikaambatanishwa, na kampuni ikaiondoa kesi yenyewe kabla ya tarehe ya kusikilizwa. Kazi yote ilifanywa na karatasi moja yenye muhuri. Mkiwa na hukumu, ombeni nakala yenye muhuri kwa karani na itunzeni kama mnavyotunza karatasi za safari.

Angalieni pia hukumu yenyewe inasema nini. Kesi inaweza kufutwa kwa namna mbili. Ya kwanza inafutwa na mlango unafungwa, mwenzako hawezi kurudi. Ya pili inafutwa lakini mdai ameachiwa nafasi ya kuileta tena, kwa mfano alikosea jina lako au hakufika siku ile. Kwenye karatasi tofauti ni neno moja tu, na watu husherehekea bila kulisoma. Muulizeni mkalimani swali hili hili: "Imefutwa kabisa, au anaweza kurudi?"

Na kesi ya kufukuzwa nyumba ina utaratibu wake. Sheria ya Ohio inasema hukumu ya kumtoa mpangaji haizuii kesi ya baadaye ya upande wowote. Kwa hiyo hata kama jaji aliamua mtoke, amana yenu ya nyumba bado mnaweza kuidai. Mwandikieni mwenye nyumba anwani yenu mpya, mbaki na nakala. Ana siku 30 za kurudisha amana au kueleza kwa maandishi alichokikata na kwa nini. Lakini ikiwa katika kesi ile ile alidai na fedha za kodi au uharibifu, hapo msikae kimya, tafuteni wakili mapema, kwa maana fedha zikishahesabiwa na kuamuliwa tunarudi palepale kwenye jambo lililokwisha.

Haya, tuache madai ya fedha, twende kwenye jinai. Vijana mnaotazama simu, sehemu hii ni yenu.

Huko kanuni ya kutosikiliza mara mbili ina nguvu zaidi, kwa sababu anayekushtaki ni serikali, na serikali haichoki wala haiishiwi fedha. Imeandikwa katika Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791: mtu asitiwe hatarini mara mbili kwa kosa lile lile. Tangu mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Marekani imesema inayabana majimbo yote pia. Juri ikisema huna hatia, mwendesha mashtaka hana rufaa. Hata kama kesho yake atapatikana shahidi mpya. Hata kama jaji mwenyewe anaona juri wamekosea.

Nitawapa mfano ambao mawakili huusoma shuleni. Mwezi wa kwanza mwaka 1960, katika jimbo la Missouri, wanaume sita walikuwa wanacheza karata za fedha chini ya nyumba. Wakaingia watu wenye silaha waliofunika nyuso, wakawapora wote. Mtu mmoja akashtakiwa kwa kumpora mchezaji wa kwanza. Kwamba uporaji ulitokea halikuwa swali. Swali lilikuwa je, huyu mshtakiwa alikuwa mmoja wa waporaji? Mashahidi hawakuwa na uhakika, juri wakamwachia. Wiki sita baadaye serikali ikamrudisha, safari hii kwa kumpora mchezaji wa pili. Kwa hesabu ya serikali lilikuwa kosa jipya, maana aliyeporwa ni mtu mwingine. Mashahidi wale wale sasa walikumbuka vizuri zaidi. Akafungwa miaka 35.

Shauri lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamua mwaka 1970. Ikauliza: juri wa kwanza waliamua nini hasa? Waliamua kwamba haijathibitishwa kuwa mtu huyu alikuwepo. Kama hakuwepo kwa mchezaji wa kwanza, hakuwepo kwa mchezaji wa pili, maana chumba ni kimoja na saa ni moja. Serikali haiwezi kuwa na nafasi sita za kujaribu bahati yake kwa kubadilisha jina la aliyeporwa. Kifungo kikaondolewa. Mnaona jinsi kanuni ile ya madai, jambo lililokwisha kuamuliwa, ilivyoingia ndani ya jinai na kumtoa mtu gerezani.

Lakini ngao hii ina mahali inapoanzia. Mtu anakamatwa, anapelekwa mbele ya jaji, kisha mashtaka yanaondolewa, na familia inafanya karamu: ameachiwa, hawawezi kumgusa tena. Si hivyo. Hatari ya kwanza, kwa maana ya Katiba, huanza juri wanapoapishwa, au, kama jaji anasikiliza peke yake, shahidi wa kwanza anapokula kiapo. Mashtaka yakiondolewa kabla ya hapo, hatari ilikuwa haijaanza, na yanaweza kurudi. Vilevile juri wakishindwa kukubaliana, kesi inaweza kuanza upya. Na mtu akipatikana na hatia, akakata rufaa mwenyewe na kushinda kwa sababu kesi iliendeshwa vibaya, kwa kawaida serikali inaweza kumshtaki tena. Rufaa ikishinda kwa sababu ushahidi haukutosha kabisa, hapo haimshtaki tena.

Jambo lingine linawashangaza watu, hata waliozaliwa hapa. Nchi hii ina serikali mbili juu ya kichwa chako: ya jimbo na ya Washington. Kila moja ina sheria zake. Mwaka 2015 huko Alabama mtu mmoja alisimamishwa na polisi kwa sababu taa ya gari ilikuwa mbovu, ikaonekana bunduki, na kwa kuwa aliwahi kufungwa hakuruhusiwa kuwa nayo. Akakiri katika mahakama ya jimbo. Kisha serikali ya Washington ikamshtaki kwa bunduki hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2019 kwamba hilo si mara mbili kwa kosa lile lile, kwa sababu ni sheria mbili za wenye enzi wawili. Majaji saba walikubali, wawili wakakataa. Mimi, kama mngeniuliza, ningekaa na wale wawili, lakini sikuulizwa. Mji na jimbo lake, hata hivyo, ni mwenye enzi mmoja. Mji wa Columbus ukishakuhukumu, jimbo la Ohio haliji nyuma yake kwa kosa lile lile.

Mwingine anayeweza kuja ni yule aliyeumizwa. Kijana amepigana nje ya duka, ameshtakiwa kwa kumpiga mtu, juri wamesema hana hatia. Aliyepigwa bado anaweza kumdai fedha za hospitali. Yeye hakuwa mdai katika kesi ya kwanza, serikali ndiyo ilikuwa, na uzito wa ushahidi ni tofauti. Kumtia mtu hatiani inatakiwa pasiwe na shaka ya maana; kumdai fedha inatosha mzani uegemee upande mmoja. Wengi mmesikia habari za O. J. Simpson, mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Mwaka 1995 juri walisema hana hatia ya mauaji. Mwaka 1997 juri wengine, katika madai ya ndugu za waliouawa, wakasema anawajibika, na hesabu ikafika dola milioni 33 na nusu. Watu wanadhani mahakama ilijipinga. Haikujipinga, iliulizwa maswali mawili.

Na wa mwisho ndiye ninayemwogopa mimi, kwa ajili yenu: uhamiaji.

Kijana mwenye kadi ya kijani amekiri kosa, amelipa faini, amemaliza miezi yake ya uangalizi. Anasema nimeshaadhibiwa, imekwisha. Kisha inakuja barua ya kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji, kwa kosa lile lile. Anauliza, hii si mara mbili? Kwa macho ya binadamu ni mara mbili. Kwa macho ya sheria ya hapa, kumtoa mtu nchini si adhabu ya jinai. Ni shauri la kiraia, na mahakama zimeshikilia hivyo tangu karne ya 19. Kwa hiyo Marekebisho ya Tano hayamkingi na shauri hilo. Ulinzi wake ulikuwa kabla, siku ile anaulizwa "unakiri au hukiri?"

Ndiyo maana swali la uhamiaji linaulizwa kabla ya kukiri, si baada. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2010 kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha nchini. Kwa hiyo mwambieni wakili, hata yule aliyewekwa na mahakama bila malipo: "Mimi si raia. Nikikiri, uhamiaji watafanya nini?" Na msidanganyike na lile jibu la katikati, la kusema sipingi mashtaka. Hapa Ohio lina faida, kwa kuwa haliwezi kutumiwa kama kukiri katika kesi ya madai itakayofuata. Lakini kwa uhamiaji, ukisema sipingi na jaji akakupa adhabu, hata ndogo, hiyo ni hatia sawa na nyingine.

Kabla hatujanywa chai, Mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza: mwanangu alionekana hana hatia, je, jina lake litabaki kwenye kompyuta za polisi? Mama, linabaki mpaka mtu aombe. Hapa Ohio aliyeonekana hana hatia anaweza kuiomba mahakama ifunge rekodi ile, na mwajiri akitafuta asiione. Lakini siku ya kujaza fomu ya uraia, swali la kama umewahi kukamatwa linajibiwa "ndiyo", hata kama rekodi imefungwa, na unaambatanisha ile karatasi inayosema hana hatia. Kwa hiyo chukueni nakala zenye muhuri kwanza, mbili au tatu, ndipo mwombe rekodi ifungwe, maana baada ya kufungwa kuipata karatasi hiyo ni safari nyingine.

Baba Furaha amekaa pale nyuma, mgongo wake kwenye mto. Ameniambia mwenye maswali juu ya fomu ya madai madogo amfuate yeye, asinifuate mimi.